Siku Tatu za Jesca, Siku Tatu za Tunu

Auleria Kasimiri amekaa nyuma ya dirisha la mishahara kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hajawahi kukosea hesabu ya mtu. Hilo atakuambia mwenyewe hata usipomuuliza. Atakuambia kanisani Goba baada ya misa ya kwanza, na ukimkuta nyumbani anamenya ndizi za jioni atakuambia pia, kisu mkononi. Makosa aliyoyafanya maishani, anasema, hayakuwa ya hesabu. Zamani alikuwa akilisema neno hilo kwa kujisifu. Siku hizi akilisema anashika kazi nyingine, na anayemfahamu hamuulizi zaidi.

Kiwanda chenyewe kiko Temeke, na kazi yake ni kutengeneza madaftari ya shule. Si kikubwa cha kutisha. Kina chumba cha mashine, chumba cha kufungashia na ghala la mbele ambako wenye maduka ya vifaa vya shule wanakuja kuchukua mzigo. Mishahara inaingia benki kama kila mahali, lakini hati ya mshahara, ile karatasi inayoonyesha umelipwa nini na umekatwa nini, unaichukua dirishani kwa Auleria na unatia saini. Mtu aliyetulia anaisoma hapohapo. Mwenye haraka anaikunja anatia mfukoni, halafu anarudi siku ya pili na maswali.

Sasa, kiwandani pale watu walikuwa wa aina mbili. Wa ghala walifanya kazi siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa sababu wateja wao wakubwa walikuwa shule na ofisi, na Jumamosi hakuna wa kupokea mzigo. Waliingia saa mbili asubuhi wakatoka saa kumi na mbili jioni. Wa kufungasha walifanya siku sita, Jumamosi ikiwemo, waliingia saa mbili ileile lakini saa kumi na nusu walikuwa wanavua aproni. Ukitoa ile saa moja ya chakula, mtu wa ghala alipiga saa tisa kwa siku na mtu wa kufungasha saa saba na nusu. Zidisha mwenyewe: tisa mara tano ni arobaini na tano, na saba na nusu mara sita ni arobaini na tano. Wiki yao ilikuwa moja, ndiyo maana mshahara wao ulikuwa mmoja, shilingi laki tano na ishirini elfu kwa mwezi.

Lakini nani alikuwa anazidisha? Wa kufungasha waliwaonea wivu wa ghala kwa Jumamosi zao za kulala. Wa ghala waliwaonea wivu wa kufungasha kwa kutoka jua bado likiwaka. Walitaniana hivyo miaka nenda rudi, na utani ukawa sehemu ya kazi, na hakuna aliyekaa chini na kalamu.

Jesca alikuwa wa ghala. Tunu alikuwa wa kufungasha. Waliajiriwa siku moja, miaka tisa nyuma, na walikuwa mawifi: Jesca ameolewa na Fransis, kaka yake Tunu, na wote watatu waliishi nyumba moja Mbagala, Tunu katika chumba cha uani. Watu wa Masasi hao. Jesca ni mrefu, mdomo hauna breki, akicheka ghala zima linajua. Tunu mdogo, mpole, wa kuzungumza kwa macho. Kila siku ya hati walikuwa wakija dirishani pamoja, na Jesca alikuwa akiweka karatasi mbili sambamba juu ya ubao na kusema, "Mama, sie mapacha. Ona, hata makato yetu mapacha."

"Mapacha gani, mmoja kama mnazi mmoja kama kigoda," Auleria alikuwa akijibu, na wote watatu wanacheka.

Auleria aliwapenda. Hilo nalo atakuambia, ingawa kwa hili sauti inapungua. Yeye ni mjane, mume wake Albano alifariki zamani, watoto wamesambaa, na mabinti wale wawili walikuwa wakimwita mama kwa namna iliyomwingia. Kila mwaka msimu wa korosho Tunu alimletea kilo mbili kutoka kwao, kwenye mfuko wa nailoni. Auleria alikuwa akilipa mara nyingine, mara nyingine Tunu alikataa pesa akakimbia. Hapakuwa na siri katika jambo hilo. Korosho zilikuwa zinaliwa palepale ofisini, na hata Benson, meneja wa utumishi, alikuwa akipita anachota kiganja.

Mwezi wa pili mwaka jana, mama mkubwa wa Tunu na Fransis alifariki huko Masasi. Huyo ndiye aliyewalea baada ya mama yao mzazi kufa wakiwa wadogo, na Jesca alipoingia ukoo ule ndiye aliyempokea. Wakapata taarifa Jumamosi jioni, Jumapili alfajiri wakapanda basi. Walizika Jumatatu, wakakaa matanga Jumanne, Jumatano wakawa njiani wanarudi, Alhamisi asubuhi wote wawili wako kazini macho yamevimba.

Benson aliwapa pole na kuwaruhusu zile siku tatu, lakini bila malipo. Sheria inampa mfanyakazi siku nne zenye malipo akifiwa na mzazi, mwenza, mtoto, ndugu wa tumbo moja, babu au bibi au mjukuu. Mama mkubwa hayumo. Auleria alijua kuwa kwa Tunu yule marehemu alikuwa mama kamili kasoro kuzaa tu, na lingeweza kusemwa neno. Hakulisema. Aliona si kazi yake, kazi yake ni kukata kilichoandikwa.

Akakata. Na alikata kama sheria ya ajira inavyoelekeza, maana jedwali lake liko nyuma ya sheria ile na yeye amelibandika ukutani kwake tangu anaanza kazi. Ukitaka kujua siku moja ya mtu anayelipwa kwa mwezi ni shilingi ngapi, unachukua mshahara wake, unaugawa kwa nne nukta tatu tatu tatu, ambazo ndizo wiki zilizomo katika mwezi, mara siku anazofanya kazi kwa wiki. Kwa Jesca ikawa nne nukta tatu tatu tatu mara tano, na siku yake ikatoka ishirini na nne elfu na shilingi mbili. Kwa Tunu ikawa mara sita, na siku yake ikatoka ishirini elfu na shilingi mbili. Kwa siku tatu, Jesca akakatwa sabini na mbili elfu na sita, Tunu akakatwa sitini elfu na sita. Auleria alihakiki mara mbili, akachapa, akaendelea na wengine.

Siku ya hati ikafika. Foleni ilikuwa ndefu, feni imeharibika, na Auleria tangu asubuhi alikuwa amekwishabishana na watu wanne juu ya makato ya mikopo. Wakaja mawifi wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Poleni tena na msiba."

"Tumeshapoa." Jesca akaweka karatasi mbili sambamba juu ya ubao, kama kawaida yake. Akazitazama. Akazitazama tena, kidole kikishuka. "Mama, hapa kuna makosa."

"Wapi?"

"Mie nimekatwa sabini na mbili, wifi kakatwa sitini. Tumeondoka siku moja, tumerudi siku moja, tumezika maiti moja."

"Hakuna makosa hapo," Auleria akasema bila kuinua macho. "Yeye ni wa siku sita, wewe wa siku tano."

Ungesema hayo ni maelezo. Kwa Auleria yalikuwa maelezo, tena kamili. Kwa Jesca yalikuwa matusi.

"Kwa hiyo anayefanya kazi siku tano msiba wake una bei kubwa zaidi?"

"Sijasema hivyo."

"Mshahara wetu si mmoja? Laki tano na ishirini si hii hapa, na hii hapa?" Alikuwa anagonga karatasi kwa ukucha, na foleni ilishaanza kusikiliza. "Sasa siku yangu inazidije siku yake elfu nne? Mie nina siku ya dhahabu?"

Mtu mmoja nyuma akacheka. Tunu alimshika wifi yake mkono. "Jesca, tutaongea baadaye."

"Tuongee nini, wewe si umekatwa kidogo! Hata mie ningekuwa nabebaga korosho humu ningekatwa kidogo."

Hapo ndipo Auleria alipoinua macho.

Angeweza kuchukua kalamu. Nyuma ya hati ile mahali peupe palikuwa tele. Angeandika tisa, angeandika saba na nusu, angemwambia, mwanangu, siku yako ni ndefu kuliko ya mwenzako saa moja na nusu, na saa yako na saa yake zote ni bei moja, elfu mbili mia sita sitini na saba, ukikosa siku umekosa saa tisa, yeye akikosa siku amekosa saa saba na nusu. Na angeongeza kwamba kama wangekosa wiki nzima wote wawili wangekatwa laki moja na ishirini, wangekuwa mapacha kama siku zote. Alikuwa nayo yote hayo kichwani, tayari, kama anavyojua Baba Yetu.

Lakini alikuwa ameitwa mla rushwa mbele za watu, yeye, wa miaka yote ile bila kosa. Damu ikampanda. Akasukuma hati mbili kwa Jesca na kusema, "Kama huniamini, nenda kasome sheria. Anayefuata!"

Akafunga kimlango kidogo cha kioo cha dirisha upande wa Jesca, akafungua cha upande wa pili. Ni kitendo cha sekunde tatu. Auleria amekifikiria kuliko alivyowahi kuifikiria ndoa yake.

Kilichofuata aliambiwa baadaye, vipande vipande. Mbagala jioni ile hapakulika. Fransis alijaribu kuwatuliza, akaambiwa anamtetea dada yake. Tunu alilala na mawazo, na kwa tabia yake ya kutaka amani kwa bei yoyote, asubuhi alimfuata Jesca jikoni na noti mkononi, jumla elfu sita. Alikuwa amepiga hesabu yake ndogo: tofauti ni elfu kumi na mbili, akitoa nusu wote wawili watakuwa wamekatwa sitini na sita. "Chukua wifi, tuwe sawa," akasema.

Jesca alizitazama zile noti. Mtu asiye na kosa, akajisemea, analipa nini? Tangu asubuhi ile alikuwa na uhakika. Elfu sita zile, ambazo Tunu alizitoa kwa upendo, ziligeuka ushahidi, na Jesca alikwenda nazo mkononi hadi ofisini kwa Benson.

Benson ni mtu mwenye haki lakini hana muda. Alimwita Auleria, na Auleria akaja na jedwali lake amelibandua ukutani, gundi bado imeshika pembe. Akaonyesha mgawanyo wa siku tano na mgawanyo wa siku sita, na Benson akachukua kikokotoo chake akagawa mwenyewe, mara moja kwa Jesca, mara moja kwa Tunu. Zikatoka zilezile.

"Hesabu iko sawa," akasema. "Sasa hili la korosho. Nalazimika kuuliza, mama, maana limeletwa rasmi. Tunu anakupa kitu?"

Benson alikuwa amezila korosho zile. Alijua. Alikuwa anataka tu sentensi moja ya kuandika: ni zawadi ya msimu, wote tunakula, mara nyingine nalipa. Lakini Auleria alikuwa bado ana hasira, na sasa hasira ilikuwa imepata mahali pa heshima pa kukaa. Yeye kuulizwa swali kama hilo!

"Muulizeni yeye anayetoa," akasema, akanyanyuka.

Basi wakamuuliza. Tunu aliitwa kutoka kwenye meza ya kufungashia akiwa na aproni, wenzake wakimwangalia, akakalishwa kwenye kiti mbele ya Benson na karani wa kuandika, akaulizwa amekuwa akimpa nini mwenye mishahara, tangu lini, kwa sababu gani. Alijibu kwa sauti ndogo hata karani akamwomba arudie mara mbili. Benson akaandika kwamba hakuna kosa, jambo limefungwa. Jesca akaambiwa kwa kifupi kuwa hesabu ni sahihi kisheria. Sahihi vipi, hakuna aliyemwambia, na hakuuliza tena. Aliona wamelindana tu.

Tunu aliporudi mezani kwake wenzake walikuwa wanafungasha kimya. Kuna kimya cha kazi na kuna kimya cha kumwacha mtu, na yeye aliijua tofauti yake. Nyumbani kwa kaka yake alikuwa anakula chumbani. Baada ya wiki mbili alikuja dirishani, siku ambayo si ya hati, na barua.

"Naacha kazi, mama."

Auleria aliisoma barua yote, ingawa ilikuwa mistari minne. "Kafikirie kwanza. Ukiacha mwenyewe hupati kiinua mgongo. Miaka tisa yote hiyo itapotea."

"Najua."

"Utakwenda wapi?"

"Nyumbani. Kuna nyumba ya mama mkubwa, haina mtu."

Auleria alitaka kusema samahani. Anaapa kwamba neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini alikuwa na wazo kwamba aliyekosa ni Jesca, kwa hiyo Jesca aanze yeye. Na kwamba mambo yatapoa. Na kwamba mtu mzima hamwombi radhi mtoto kupitia tundu la kioo. Akagonga muhuri wa kupokelewa. Tunu akasema, "Ubaki salama, mama," na akaenda zake.

Malipo yake ya mwisho Auleria aliyapiga kwa uangalifu kuliko ya mtu yeyote. Siku alizofanya mwezi ule, mara ishirini elfu na mbili. Likizo yake iliyobaki. Mstari wa kiinua mgongo akaweka sifuri, kwa kuwa sheria ndivyo inavyosema kwa anayeacha mwenyewe. Akahakiki mara mbili. Haikuwa na kosa.

Haikupita miezi mitano. Mwenye kiwanda aliuza mashine mbili, oda za shule zikawa zimehamia kwingine, na tangazo likabandikwa la kupunguza wafanyakazi. Notisi ikatolewa, vikao vikakaliwa, orodha ikatoka: ghala lote, na nusu ya chumba cha kufungashia. Auleria akaambiwa aandae kiinua mgongo cha kila mmoja, siku saba za mshahara kwa kila mwaka mzima wa kazi, isizidi miaka kumi.

Alifika kwenye jina la Jesca saa nne asubuhi. Miaka tisa mara siku saba ni siku sitini na tatu. Sitini na tatu mara ishirini na nne elfu na mbili. Milioni moja, laki tano na kumi na mbili elfu, mia moja ishirini na sita. Akaweka kalamu chini.

Kwa sababu mkono wake, bila kuulizwa, ulikuwa umeshaanza kupiga hesabu ile nyingine, ya Tunu. Sitini na tatu mara ishirini elfu na mbili. Milioni moja, laki mbili na sitini elfu, mia moja ishirini na sita. Siku ileile kubwa iliyomkata Jesca elfu kumi na mbili zaidi msibani, sasa inampa laki mbili na nusu zaidi ya ambazo angepata wifi yake. Na wifi yake hapati hata hiyo ndogo, maana hayumo. Auleria hakuweza kuendelea na majina hadi baada ya chakula.

Jesca alikuja siku ya malipo akiwa peke yake. Alikuwa amekonda. Mdomo ule usio na breki ulikuwa umetulia, na Auleria alijikuta anazitamani kelele zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Auleria akampa karatasi yake. Jesca akaisoma taratibu, kidole kikishuka, kikasimama kwenye kiinua mgongo. Akafikiri sana. Watu wa kufungasha waliomtangulia walikuwa wamesimama kivulini wakilinganisha karatasi zao, na alikuwa amezichungulia.

"Hawa wenye miaka tisa kama yangu wameandikiwa milioni moja na laki mbili," akasema. "Mie milioni na laki tano. Mshahara mmoja. Leo nisipouliza nitakuwa mwizi."

"Hakuna makosa hapo," Auleria akasema, na akajisikia anasema maneno yaleyale ya siku ile. Safari hii alifungua mlango wa pembeni. "Ingia ndani. Kaa."

Jesca akaingia, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Auleria akageuza karatasi upande mweupe, akaandika. Tisa. Saba na nusu. Tano, sita. Arobaini na tano, arobaini na tano. Akaandika bei ya saa, moja tu, chini katikati, kisha akaizidisha huku na huku. Hakuwa na haja ya jedwali. Alizungumza pole pole kama anayemfundisha mtoto wake, na Jesca alikuwa anaitikia kwa kichwa, na mahali fulani katikati akaacha kuitikia.

"Kwa hiyo wifi alikuwa anakatwa kidogo kwa sababu siku yake ilikuwa fupi."

"Ndiyo."

"Saa kumi na nusu alikuwa anatoka. Nilikuwa namwona anatoka. Kila siku nilikuwa namwona." Akashika kichwa. "Na Jumamosi alikuwa anakuja, mie nimelala."

"Ndiyo, mwanangu."

"Alinipa elfu sita, mama. Alizitoa kwenye mfuko wake. Nikaenda nazo kumshtaki kwa Benson."

Nje mtu alikuwa anagonga kioo apewe karatasi yake, na hakuna aliyekwenda kumhudumia.

"Angekuwepo leo angepata ngapi?"

Auleria angeweza kusema hajui. Lilikuwa swali pekee katika miaka yote ambalo alitamani asingejua jibu lake. "Milioni moja, laki mbili na sitini elfu, mia moja ishirini na sita."

Jesca akalia, bila aibu na bila kujificha, kamasi na machozi. Alisema Fransis anampigia dada yake kila wiki na Tunu anapokea, anasalimia, anaulizia watoto wa kaka yake. Akisikia sauti ya Jesca simu inakatika. Alisema atamtumia nusu ya hizi pesa. Halafu akasema zitarudi, anamjua, zitarudi siku hiyohiyo. Auleria akampa tishu, akampa maji, na akajikuta anamwambia lile alilokuwa hajamwambia mtu, si padre, si wanawe: kwamba hata yeye aliulizwa na Benson neno moja tu la kumwokoa Tunu, na kwa kiburi alilinyima.

Jesca akajifuta uso. Akaichukua ile karatasi, akautazama upande ulioandikwa kwa mkono. Haikuwa hata nusu ya ukurasa.

"Mama," akasema, na hapakuwa na ukali hata kidogo, hilo ndilo Auleria hawezi kulisahau, "sasa hiki kitu kwa nini hukuniambia siku ile?"

Auleria alikuwa na majibu. Foleni, feni, korosho, watu kucheka. Aliyapima moja moja na hakuna hata moja lililofika uzito wa kutolewa mdomoni.

"Nilikasirika," akasema.

"Basi?"

"Basi."

Jesca akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeonyeshwa hesabu akakuta iko sawa. Akatia saini mahali pa kutia saini, akaaga kwa adabu, akatoka. Auleria akarudi dirishani, akaita jina linalofuata, na mwenye jina akaja, na akamsomea karatasi yake yote kuanzia juu hadi chini, mstari kwa mstari, bila kuulizwa. Na aliyefuata naye vilevile, na aliyefuata, hadi watu wakaanza kulalamika kwamba mama wa mishahara leo anawachelewesha.